Padi Ikae Juu ya Mfupa: Kupima Jaketi la Pikipiki Ili Kinga za Mabega na Viwiko Zisihame

Mwangalie mwendeshaji yeyote anayepita mjini Nakuru na jaketi la pikipiki, halafu utafute mahali padi ya kiwiko ilipo. Mara nyingi utaiona imeshuka hadi katikati ya kigasha, au imezunguka ikatazama mbavu. Jaketi ni zuri, padi ni halisi, lakini mfupa wa kiwiko uko wazi kana kwamba amevaa shati. Sababu ni kwamba alichagua jaketi kwa kifua peke yake, akaongeza namba moja au mbili ili sweta iingie, na alilijaribu akiwa amesimama wima na mikono inaning'inia. Pikipiki haiendeshwi hivyo.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo tu: namna ya kupata jaketi ambalo padi zake za mabega na viwiko zinakaa juu ya mfupa ukiwa umeshika usukani, na zinabaki hapo kitambaa kinapovutwa na lami.

Padi inafanya nini, na kwa nini sentimita chache ni nyingi

Padi halali za viungo huwa na alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-1, picha ndogo ya mwendesha pikipiki, herufi ya mahali pake (S kwa bega, E kwa kiwiko) na namba ya daraja, 1 au 2. Katika jaribio la kiwango hicho, padi huwekwa juu ya chuma na kupigwa na uzito wa kilo 5 wenye nishati ya jouli 50, sawa na kuuangusha kutoka karibu mita moja. Nguvu inayopenya upande wa pili isizidi wastani wa kilonewtoni 35 kwa daraja la 1, au 20 kwa daraja la 2. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ina maana pale tu padi iko chini ya pigo. Padi ya daraja la 2 iliyohama ikaacha ncha ya kiwiko nje inashindwa na ya daraja la 1 iliyokaa sawasawa.

Kuna pia herufi A na B zinazoonyesha ukubwa. Padi ya A ni ndogo kuliko B, kwa hiyo ukiwa na A nafasi yako ya kukosea ni finyu zaidi.

Usihukumu padi kwa kuibonyeza. Zipo padi laini zinazonyumbulika mkononi lakini hukaza ghafla zinapogongwa, na zipo sponji za kawaida zilizowekwa dukani ili tu mfuko uonekane umejaa. Kwa vidole huwezi kuzitofautisha, alama ndiyo inayosema. Jaketi la mtumba likiwa na sponji isiyo na alama, lihesabu kama jaketi lisilo na padi na utafute padi zake. Ukitoa padi yenye alama ukakuta inamomonyoka, inanata au ina ufa, nayo imekwisha.

Vipimo vitatu vya mwili

Chukua tepu ya fundi na mtu wa kukusaidia, kwa sababu huwezi kujipima mkono wako mwenyewe vizuri. Vaa fulana nyepesi, si sweta.

Kwanza kifua: tepu ipite chini ya makwapa na sehemu pana zaidi ya kifua, iwe sambamba na ardhi mgongoni, nawe upumue kawaida.

Pili, kipimo ambacho wengi hawakichukui na ndicho kinachoamua kila kitu: kutoka bega hadi kiwiko. Fuata mfupa wa mtulinga kwa kidole kutoka shingoni kuelekea nje mpaka ufike mwisho wake, penye kijukwaa kidogo kigumu juu ya bega. Hapo ndipo tepu inapoanzia. Kunja mkono pembe mraba, kisha mwenzako ashushe tepu kwa nje ya mkono hadi ncha ya kiwiko. Andika.

Tatu, bila kuondoa tepu wala kunyoosha mkono, endelea kutoka kiwiko hadi mfupa unaochomoza kifundoni upande wa kidole kidogo. Jumla hiyo ndiyo urefu wa mkono wako. Ukipima mkono ukiwa umenyooka utapata namba fupi, kwa sababu kiwiko kikikunjwa njia ya nje hurefuka. Hapo ndipo mikono mingi ya jaketi inapogeuka kuwa mifupi barabarani.

Kutoka kipimo hadi namba ya jaketi

Namba za Ulaya kwa majaketi ya wanaume ni nusu ya kifua kwa sentimita. Kifua cha 100 ni namba 50, cha 104 ni 52, cha 108 ni 54. Majaketi ya Uingereza na Marekani huandikwa inchi za kifua, na kwa kawaida ukitoa 10 kwenye namba ya Ulaya unapata namba hiyo: 50 ni 40. Majaketi ya kike hutumia hesabu nyingine, kwa hiyo usiingize kanuni ya nusu ya kifua huko. Soma jedwali la mtengenezaji.

Herufi kama M, L na XL usiziamini hata kidogo. L ya kiwanda kimoja cha Asia inaweza kuwa ndogo kuliko M ya Ulaya. Kwenye mitumba, kwa mfano Kibuye pale Kisumu, lebo mara nyingi imekatwa kabisa. Laza jaketi juu ya meza, funga zipu, pima kutoka kwapa hadi kwapa na uzidishe kwa mbili. Hicho ni kipimo cha nguo yenyewe, nacho lazima kizidi kifua chako, kwa sababu bitana, padi na nafasi ya kupumua vyote viko ndani.

Ukiangukia katikati ya namba mbili, jaribu ile ndogo kwanza. Jaketi la kuendeshea linatakiwa likukumbatie zaidi kuliko koti la kwenda kanisani.

Bega kwanza

Anza na bega kwa sababu mkono wote wa jaketi unaning'inia hapo. Bega likikosea sentimita tatu, kiwiko nacho kimekosea sentimita tatu kabla hujakiangalia.

Panda pikipiki yako, au ile unayoendesha kila siku, na ushike usukani kama ulivyozoea. Kwenye Boxer au pikipiki nyingine ya kukaa wima, mikono inakunjika kidogo na mabega yanasogea mbele. Zipu iwe imefungwa mpaka juu. Mwenzako abonyeze kwa kidole kutafuta kile kijukwaa cha mfupa. Kinapaswa kuwa chini ya sehemu ya padi iliyobonyea kama kikombe, na padi igawanyike karibu sawa mbele na nyuma ya bega.

Jaketi likiwa pana, mshono wa bega unateleza chini na padi inakaa juu ya msuli wa mkono. Utaona kifundo cha kitambaa tupu juu ya bega ambacho unaweza kukishika kama sikio. Likiwa dogo, padi inapanda kuelekea shingoni, na ukigeuza kichwa kuangalia nyuma ukingo wa padi unagusa helmeti. Jaribu kugeuka pande zote mbili ukiwa na helmeti kichwani, kwa sababu padi inayozuia shingo itakufanya uache kuangalia nyuma kabla ya kukata kona.

Kosa la bega halirekebishiki kirahisi. Fundi wa kawaida hawezi kusogeza mshono wa bega wa jaketi la padi bila kuharibu mkato wote. Likikataa hapo, rudisha jaketi na usiendelee na hatua zinazofuata.

Kiwiko: chaki, kuvuta, kuzungusha

Bado umekaa, mikono iko kwenye usukani. Toa padi za viwiko kwenye mifuko yake. Mwenzako atafute ncha ya kiwiko kwa kidole kupitia kitambaa na kuweka alama ya X kwa chaki nje ya jaketi. Sasa rudisha padi, keti vilevile, na aweke alama ya mduara mahali ilipo sehemu ya ndani kabisa ya kikombe cha padi. Anaipata kwa kubonyeza kingo za padi pande zote. Vua jaketi, pima umbali kati ya X na mduara. Namba hiyo ndogo inakuambia zaidi kuliko lebo yoyote.

Ikiwa ni chini ya sentimita moja, umebahatika. Kati ya moja na nne, fundi anaweza kusaidia. Ikizidi hapo, mkato wa jaketi hilo si wa mkono wako, hata kama kifua kimekaa vizuri.

Padi nyingi za kiwiko zina mkia unaoshuka juu ya mfupa wa kigasha. Sehemu ndefu iko chini ya kiwiko, si juu, kwa sababu mtu akianguka huwahi kuegemea kigasha. Padi iliyoingizwa juu chini inaacha kigasha wazi na kuchoma msuli wa juu ukikunja mkono. Hilo hutokea sana baada ya jaketi kufuliwa.

Halafu fanya majaribio mawili. La kwanza ni kuvuta: mwenzako ashike mwisho wa mkono wa jaketi kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu kuelekea kiwiko chako. La pili ni kuzungusha: ashike padi yenyewe kupitia kitambaa na kujaribu kuizungusha ndani na nje. Tunakubali mwendo wa hadi sentimita 2, mradi ncha ya kiwiko haijatoka kwenye kikombe. Mkono wa jaketi ni bomba lililovaa bomba jingine. Lami ikishika kitambaa, bomba la nje linazunguka kadiri lilivyo na nafasi, na padi inaondoka nalo sekunde ileile unayoihitaji.

Vizuizi vya mwendo huo ni viwili. Cha kwanza ni kamba ya velkro ya kifundoni. Ikibanwa pale kigasha kilipo chembamba, mkono wa jaketi hauwezi kupanda, maana juu yake mkono wako unazidi kuwa mnene. Ikiachwa wazi kwa sababu ya joto, padi yote ya kiwiko imebaki bila nanga. Cha pili ni kamba au vifungo vya kubonyeza vya kigasha na vya juu ya kiwiko, na hivi ndivyo vinavyozuia kuzunguka. Bana mpaka vidole viwili viingie kwa shida kati ya kamba na nguo. Mkono ukianza kufa ganzi baada ya dakika kumi, umezidisha.

Baridi ya Mau, joto la Kisumu

Hapa kwetu ndipo wengi wanapopotezwa. Anayetoka Nakuru alfajiri anapita Mau Summit akitetemeka, na akishuka Kericho hadi Ahero anatokwa jasho. Kwa hiyo ananunua jaketi kubwa ili sweta nzito iingie chini. Asubuhi padi zinakaa, kwa kuwa sweta imejaza nafasi. Saa nne anavua sweta, anaendelea na jaketi linaloelea, na padi zake hazina tena cha kuzishikilia.

Dawa ni kugeuza mpangilio. Jaketi lipimwe juu ya fulana moja nyepesi, na kinga ya upepo ivaliwe nje. Koti la mvua lililo pana linalozuia upepo juu ya jaketi linaleta joto zaidi kuliko watu wanavyodhani, na ukifika chini unalivua bila kugusa mkao wa padi. Reflekta inavaliwa juu ya vyote. Kwa anayeishi na kuendesha Kisumu tu, jaketi la wavu lenye padi zilezile linafaa zaidi, lakini fanya lile jaribio la kuzungusha kwa makini, maana kitambaa cha wavu hutanuka zaidi kikizoeleka.

Jambo moja dogo: baadhi ya padi laini huwa ngumu kwenye baridi. Zikionekana hazikumbatii kiwiko saa kumi na moja asubuhi, zipashe joto la mwili dakika chache kabla ya kusema jaketi ni baya.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mwendeshaji mwenye kifua cha sentimita 98, bega hadi kiwiko 37, mkono wote 64. Nusu ya kifua ni 49, kwa hiyo yuko kati ya 48 na 50. Mbele yake sokoni kuna jaketi la 54 na la 50.

Analivaa la 54 na kulipenda, kwa kuwa halibani popote. Kwenye pikipiki, katikati ya padi ya bega iko sentimita 3 chini ya kijukwaa cha mfupa. Padi ya kiwiko nayo imeshuka, ncha ya kiwiko ikigusa ukingo wa juu tu. Akikaza kamba zote, kitambaa kinajikunja lakini bega halipandi. Kamba hubana mzunguko, haziwezi kufupisha umbali. Jaketi hilo linarudi kwenye rundo.

La 50 linabana kidogo akiwa amesimama, na linatulia anapoketi. Bega limekaa sawa. Mkono wa jaketi unafika mfupa wa kifundo akiwa ameshika usukani, na glavu inaufunika sentimita kadhaa. Lakini chaki inaonyesha mduara uko sentimita 3.5 juu ya X: mkono wake wa juu ni mrefu kuliko wa mtu aliyekatiwa jaketi hilo. Hili linarekebishika, basi ananunua la 50.

Fundi anahitaji maelekezo kamili, maana wengi hawajawahi kushona jaketi la padi. Kwanza wote wawili wageuze mkono wa jaketi ndani nje na kuona mfuko wa padi umeshonwa wapi. Kawaida uko kwenye bitana, si kwenye kitambaa cha nje. Padi itolewe kabla ya kazi yoyote, na isikatwe wala kutobolewa na sindano, kwa sababu kingo zake ni sehemu ya kinga.

Fundi afumue mfuko, aushushe sentimita 3.5 kwenye mstari wa chaki, na aushone upya kwa uzi wa poliesta, mishono miwili sambamba, sindano namba 14. Mfuko usizidi upana wa padi kwa zaidi ya sentimita moja, la sivyo padi itacheza ndani ya mfuko ingawa mfuko uko mahali pake. Kama jaketi lina tabaka la kuzuia maji kati ya bitana na kitambaa cha nje, sindano isifike hapo. Kila tundu litapitisha mvua. Kama padi ingekuwa chini ya X badala ya juu, kazi ingekuwa rahisi zaidi: mstari mmoja wa mshono chini ya mfuko unaifanya padi ikae juu zaidi.

Kisha kuna kasoro ambayo haionekani mpaka ufungue: katika majaketi mengi ya bei ya chini, bitana ya mkono imeshikwa begani na kifundoni tu. Katikati inaelea, na padi inaifuata. Mwambie fundi aishike bitana kwenye ukingo wa kitambaa uliobaki ndani ya mshono wa ndani wa mkono, mahali pawili, juu na chini ya padi, kwa mishono michache ya mkono. Ashone kwenye ukingo huo tu, bila kutokeza nje. Dakika kumi za kazi hiyo hupunguza kuzunguka kuliko kamba ya ziada.

Baada ya hapo mwendeshaji anarudi kwenye pikipiki na kurudia chaki, kuvuta na kuzungusha. Safari hii mduara na X viko umbali wa nusu sentimita, na padi ikizungushwa inasogea sentimita moja na nusu kisha inagoma.

Baada ya kufua

Toa padi kila unapofua jaketi, na kabla ya kuzitoa ziandike kwa kalamu isiyofutika: kushoto, kulia, na mshale unaoelekea chini. Padi za bega na za kiwiko zinafanana katika seti nyingi, lakini S haiendi mahali pa E isipokuwa padi yenyewe imeandikwa herufi zote mbili. Zikiisha kurudishwa, keti kwenye pikipiki, shika usukani, na ubonyeze kila kiwiko kwa kidole gumba cha mkono mwingine. Ukiusikia mfupa kupitia kitambaa, padi haijarudi mahali pake.